Badilisha majina uone kama sentensi inabaki kweli

“Kinjeketile alipigana na Wajerumani ilhali Kimathi alipigana na Waingereza.”

Sentensi hii, kwa maneno hayohayo au yanayokaribiana nayo, nimeikuta katika zaidi ya nusu ya insha nilizosahihisha wiki iliyopita. Ni ya kweli kabisa, na mwanafunzi aliyeiandika hakudanganya hata herufi moja. Lakini katika insha ya kulinganisha matini mbili haina kazi yoyote, na nimejikuta nikiwaeleza wanafunzi jambo hili mara nyingi kiasi kwamba nimeona niliandike mahali pamoja, kwa kutumia karatasi zenyewe zilizokuwa mezani kwangu.

Swali nililotoa lilikuwa fupi: linganisha na ulinganue jinsi tamthiliya ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein na *Mzalendo Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong’o na Mĩcere Gĩthae Mũgo zinavyomchora kiongozi wa mapambano. Ya kwanza ilitoka mwaka 1969 na inahusu Vita vya Maji Maji kusini mwa Tanganyika. Ya pili ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1976, ikatafsiriwa kwa Kiswahili, na inahusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau nchini Kenya. Nilizichagua kwa sababu zinafanana mno kwa nje. Kila moja ina mkoloni, ina kiongozi anayekamatwa, ina jela, na ina kifo kinachosubiri mlangoni. Vitabu vinavyofanana hivyo humpima mwanafunzi sawasawa, kwa sababu tofauti iliyoko juujuu haimfikishi mbali.

Nirudi kwenye Wajerumani na Waingereza. Kipimo ninachokitumia hapa ni chepesi mno. Chukua sentensi ya mwanafunzi, badilisha majina, halafu jiulize kama kuna kitu chochote ndani ya tamthiliya kimevunjika. Tuseme mkoloni wa Kinjeketile angekuwa Mwingereza. Bado watu wangelimishwa pamba kwa nguvu huku wao wenyewe wakilala njaa. Bado Kinjeketile angechukuliwa na nguvu asiyoiona, akatoswa mtoni, akatoka na habari ya maji yanayoaminiwa kuwakinga watu na risasi. Bado angekuja kulitilia shaka neno lake mwenyewe. Hakuna onesho hata moja ambalo lingelazimika kuandikwa upya. Basi utaifa wa mkoloni ni utofauti wa ramani, si utofauti wa tamthiliya. Ndivyo ilivyo pia kwa “mmoja alitumia maji, mwingine alitumia bunduki” ikiachwa hivyo bila kuulizwa maji yanafanya kazi gani na bunduki inafanya kazi gani katika kila kitabu.

Sasa kuhusu mizani kati ya vitabu viwili. Hapa nina kosa langu la kusimulia.

Kuna insha moja niliyoipa alama 14 kati ya 20 mara ya kwanza, nikaiweka pembeni. Ilikuwa na mwandiko mzuri, aya zilizokaa vizuri, na kila hoja ilikuwa na Kinjeketile kisha Kimathi, Kinjeketile kisha Kimathi. Mwalimu mwenzangu alipoipitia, maana huwa tunabadilishana karatasi kumi kumi ili tusipishane sana, aliirudisha na swali moja ameliandika kwa penseli: “Kimathi wa kitabu yuko wapi?”

Nikachukua penseli mbili, ya bluu na ya kijani, nikaanza kupiga mstari pembeni mwa karatasi. Bluu kwa kila mstari unaomhusu Kinjeketile, kijani kwa unaomhusu Kimathi. Nilipata bluu 47 na kijani 45. Mtu angesema mizani imekaa sawa. Kisha nikaisoma tena ile ya kijani pekee, mstari kwa mstari, nikijiuliza kila mara: hili limetoka wapi? Kimathi alizaliwa mwaka 1920. Alikamatwa Oktoba 1956. Alihukumiwa Nyeri. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Hayo yote ni sahihi, na hakuna hata moja linalohitaji uwe umeifungua tamthiliya. Nilipoyaondoa yote yaliyotoka kwenye historia, nikabaki na mistari 11 inayogusa jambo linalotokea jukwaani. Upande wa Kinjeketile, kinyume chake, mwanafunzi alikuwa ameisoma tamthiliya kwa makini: alikuwa na lile onesho la mwanzo la wanawake wanaozungumzia njaa, alikuwa na Kitunda na binti yake Chausiku, alikuwa na mto.

Kwa hiyo insha iliyoonekana sawa kwa sawa ilikuwa na tamthiliya moja na wasifu mmoja. Niliishusha hadi 10. Ilinisumbua kuishusha, lakini ile 14 ndiyo iliyokuwa dhuluma kwa wenzake waliosoma vitabu vyote viwili.

Tangu hapo nahesabu mistari, ila sihesabu kwanza. Kwanza natazama kila kitabu kimefanyiwa kazi ya aina gani. Kuna mistari inayosimulia tu kilichotokea, kuna inayotoa habari za nje ya kitabu, na kuna inayochukua tendo au kauli fulani na kuieleza inafanya nini. Hii ya tatu ndiyo ninayoipima. Kitabu kimoja kikiwa na aina ya tatu na kingine kikawa na mbili za kwanza, insha imepinda hata kama mistari ni sawa. Kinyume chake pia ni kweli: insha inaweza kuwa na mistari 60 ya kitabu kimoja na 38 ya kingine na ikawa imesimama wima, ikiwa kila kitabu kimejibu swali lilelile kwa uzito uleule. Kuna hoja ambazo kitabu kimoja huzijibu kwa sentensi mbili na kingine kinahitaji aya nzima.

Mtego wa historia una sura yake upande wa Kinjeketile pia, na huu ni mzuri kwa msahihishaji kwa sababu unafichua nani amesoma. Kinjikitile Ngwale wa historia alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya vita kuanza. Kinjeketile wa tamthiliya yu hai hadi watu wamekwisha kushindwa. Hussein hakukosea tarehe. Alimhitaji kiongozi huyo aione damu iliyomwagika ndipo aulizwe kuhusu maji. Mwanafunzi akiandika kwamba Kinjeketile “alinyongwa mwanzoni mwa vita kama historia inavyosema,” najua hajafika mwisho wa kitabu. Na mwanafunzi akiona pengo hilo la tarehe na kulifanya hoja, kwamba mtunzi amemrefushia shujaa wake maisha ili ambebeshe swali, huyo namwekea alama ya vema pembeni kabla sijasoma anachoendelea nacho.

Tofauti halisi iko wapi, basi? Mimi naiona gerezani, na nitaeleza hatua kwa hatua jinsi inavyopatikana.

Tofauti ya kweli huanzia kwenye kufanana kwa kweli. Usipopata mahali ambapo vitabu viwili vinasimama juu ya ardhi moja, huna cha kupimia. Katika tamthiliya hizi ardhi hiyo ni hii: kila kiongozi yuko mikononi mwa mkoloni, na mkoloni anachotaka si mwili wake, kwa kuwa anao tayari. Anataka neno lake. Kinjeketile anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kimathi anatakiwa akiri kosa na awaite wenzake watoke msituni wajisalimishe. Wote wawili wanakataa. Wanafunzi wengi walifika hapa, wakaandika “wote ni mashujaa wasioogopa kifo,” wakahamia hoja nyingine. Walikuwa wameshika mlango, hawakuusukuma.

Sukuma mlango kwa swali moja: anapokataa, anakataa nini hasa? Kimathi anakataa kukana jambo analoliamini. Katika seli yake wanamjia mmoja baada ya mwingine: Henderson, Mwingereza mwakilishi wa serikali ya kikoloni, watu wa benki na biashara, wanasiasa, mtu wa dini, kisha Henderson tena na mateso. Kila anayeingia anamletea njia tofauti ya kusalimu amri, na kila anayetoka anamwacha Kimathi akiwa amelieleza wazo lake kwa uwazi zaidi ya awali. Mgogoro uko kati yake na wanaoingia. Kinjeketile yuko peke yake kwa namna nyingine. Yeye anaombwa akane jambo ambalo yeye mwenyewe amekwisha kulitilia shaka. Alipozinduka kutoka katika ile hali ya kupagawa na kufahamu kwamba kinywa chake kilitamka kuwa watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliona kwamba amewatoa watu kwa bwana mmoja na kuwaahidi bwana mwingine. Tangu hapo anataka vita vingojwe, na watu hawangoji. Kwa hiyo anapokataa kule jela kusema maji ni uongo, halindi imani yake katika maji. Analinda haki ya watu kuwa walipigana. Anaona kwamba akilikana neno, kesho watoto wataambiwa kuwa babu zao walikosea kupigana.

Hapa kuna kukataa kumoja kwenye maana mbili. Jaribu kubadilisha majina sasa. Sema “Kimathi anakataa kulikana neno analolitilia shaka.” Tamthiliya nzima ya pili inabomoka, hakuna onesho linaloweza kukaa. Sema “Kinjeketile anakataa kwa sababu kila anayemjia anamthibitishia imani yake.” Inabomoka ya kwanza. Sentensi haivumilii kubadilishwa majina, na hiyo ndiyo dalili kwamba tumegusa mfupa.

Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika hivi: “Kinjeketile na Kimathi wote walikataa kusaliti watu wao. Kinjeketile alikataa kusema maji ni uongo. Kimathi naye alikataa kujisalimisha. Hii inaonesha kuwa wote walikuwa majasiri.” Nilimwita, nikamwonesha kwamba sentensi yake ya pili na ya tatu tayari zina tofauti ndani yake, ila ya nne imezifuta. Neno “wote” lilikuja mapema. Angesimama kidogo kati ya sentensi ya tatu na ya nne, akajiuliza kama kila mmoja aliamini kile alichokataa kukikana, angekuwa na aya nzuri kuliko zote katika kundi lile.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linanihuzunisha zaidi kwa sababu huja kwa wanafunzi wenye bidii. Wakishaambiwa watafute tofauti iliyo kali, wanaichonga hadi inavuka kitabu. “Kinjeketile ni kiongozi dhaifu mwenye mashaka, Kimathi ni kiongozi imara asiyeyumba.” Inasomeka vizuri na inapita kipimo cha majina. Lakini si kweli. Kwa hiyo baada ya kipimo cha majina nina kingine: tafuta onesho linaloipinga sentensi hii. Kwa Kimathi lipo, na ni la msituni. Wasaliti wanaletwa mbele yake, mmoja wao ni ndugu yake wa damu, Wambararia, na yeye anasita. Hawauawi pale, wanatoroka, na usaliti wao unamrudia. Watunzi hawakuliweka onesho hilo kwa bahati. Na kwa upande wa Kinjeketile, huwezi kumwita dhaifu mtu ambaye mwishoni anavumilia hata ombi la Kitunda, rafiki na jemadari wake, bila kulegea.

Kwa hiyo tofauti haipo katika kuyumba na kutoyumba. Wote wanayumba, ila kila mmoja anayumbia mahali pake. Kinjeketile anayumba mbele ya neno lake. Kimathi anayumba mbele ya damu yake. Mashaka ya kwanza ni ya fikra, ya pili ni ya huruma. Ukiiandika hivyo sentensi haing’ari kama ile ya dhaifu na imara, lakini maonesho ya vitabu vyote viwili yanaikubali.

Nipite haraka kwenye mpangilio, maana wanafunzi wanauliza sana: je, niandike kitabu kimoja chote kisha kingine, au hoja kwa hoja? Sina ubaguzi. Wanaoandika hoja kwa hoja wanajilinda na upungufu wa mistari, ila mara nyingi wanategemea “ilhali” na “kwa upande mwingine” kama gundi, na chini ya gundi hakuna mbao mbili zinazokutana. Nikiona “ilhali,” nasoma pande zake mbili na kuuliza kama zinazungumzia kitu kimoja. “Kinjeketile anatumia maji kuunganisha makabila, ilhali Kimathi anateswa gerezani” ni sentensi mbili zilizofungwa kamba. Wanaoandika kwa vitabu, mimi natazama nusu ya pili. Kama inamsoma Kimathi kwa macho yaliyokwisha kumwona Kinjeketile, insha iko hai. Kama ukikata karatasi katikati unapata insha mbili zinazojitosheleza, hakuna ulinganishi uliofanyika.

Hoja ya wanawake niliifurahia katika karatasi mbili tatu, na ingestahili insha yake yenyewe. *Kinjeketile* inafunguliwa na wanawake, Bi Kitunda na Bi Kinjeketile, na njaa tunaijua kupitia vinywa vyao kabla wanaume hawajaanza kupanga chochote. Lakini mipango ikianza, wanapungua jukwaani. Katika *Mzalendo Kimathi* kuna Mwanamke asiye na jina ambaye ndiye anayeibeba njama yote ya silaha iliyofichwa ndani ya mkate, na ndiye anayewafinyanga Mvulana na Msichana hadi wanakuwa warithi wa mapambano. Mwanafunzi aliyeandika kwamba “wanawake wamepewa nafasi katika tamthiliya zote mbili” alisema kweli iliyolala. Aliyeandika kwamba mwanamke wa tamthiliya ya kwanza anaitambua njaa na wa ya pili anaijibu, huyo aliiamsha.

Liko pia jambo la lugha, na hapa natoa onyo kwa wasahihishaji wenzangu zaidi ya wanafunzi. *Kinjeketile* iliandikwa kwa Kiswahili na mtunzi anayekijua Kiswahili cha pwani hadi kwenye pumzi. *Mzalendo Kimathi* tunaisoma katika tafsiri. Mwanafunzi akisema Hussein anatumia lugha ya mkato na ya kishairi kuliko Ngũgĩ na Mũgo, analinganisha mtunzi na mfasiri bila kujua. Simnyimi alama kwa kugusa lugha. Namwomba ahamie kwenye mambo ambayo tafsiri haiyapotezi: nani anapewa nafasi ya kusema kwa muda mrefu, nani anakatizwa, nyimbo zinaingia wapi, ukimya unakaa wapi. Kinjeketile anapozungumza katika hali ya kupagawa, lugha yake si ya mtu anayejadiliana. Kimathi karibu muda wote anajadiliana. Hilo linaonekana katika lugha yoyote.

Siku ya kurudisha karatasi, yule binti wa ile insha ya bluu na kijani alinifuata ofisini.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, karibu ukae.”

Alikuwa ameishika karatasi yake, ameipindua upande wenye penseli. “Mwalimu, mimi nilihesabu. Nilihakikisha kila kitabu kina nusu. Sasa nisipohesabu mistari nitajuaje?”

Nikamwomba anitajie kitu kimoja Kimathi anachofanya ambacho hakimo katika kitabu cha historia. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, taratibu, kwamba kuna mahali anashindwa kuwaua wasaliti. Nikamuuliza kwa nini hakuliandika. Akasema aliona linamharibia shujaa.

Tulikaa karibu saa nzima juu ya hilo peke yake. Nilimpa nafasi ya kuandika upya, na baada ya siku nne alileta karatasi nyingine. Ilikuwa na mistari mingi zaidi ya Kinjeketile, kama theluthi mbili kwa theluthi moja. Historia ilikuwa imebaki kwenye sentensi mbili za utangulizi. Katikati ya ukurasa wa tatu aliandika: “Kinjeketile anawaonea shaka maji aliyowapa watu, Kimathi anawaonea huruma watu waliomuuza; mmoja anashindwa kulizuia neno lake, mwingine anashindwa kuuzuia moyo wake.” Nilisahihisha *anawaonea* ya kwanza iwe *anayatilia*, kwa sababu maji hayaonewi shaka kama watu, nikampa 17. Zile tatu nilizomnyima ni za aya ya mwisho, aliporudi kusema kuwa Kiswahili cha Hussein ni kitamu kuliko cha wenzake wawili.